Chonge ya juu iliyokwama: mwongozo kamili wa kuandika barua ya rufaa isiyorudishwa

Mama mmoja wa Mikindani alirudi kliniki kwangu na bahasha ile ile niliyompa wiki moja kabla. Alikuwa amepanda basi na bintiye mpaka Dar es Salaam, wakalala siku mbili kwa ndugu, wakaonana na daktari bingwa dakika chache, wakarudi. Nyuma ya barua yangu palikuwa pameandikwa kwa kalamu: "Jino liko upande gani? Picha ziko wapi? Unaomba nini?"

Barua yangu ilikuwa na mistari mitatu. Maswali yote matatu yalikuwa ya haki, na nauli iliyopotea haikuwa yangu.

Tangu hapo wenzangu wa Masasi, Newala, Nachingwea na Kilwa wamekuwa wakinionyesha barua zao zilizorudishwa, na kosa ni lile lile. Tunaandika kwamba jino limekwama, tunagonga muhuri, tunamwacha bingwa aanze upya kazi ambayo tungeimaliza hapa hapa.

Mwongozo huu ni wa kazi moja tu: chonge moja ya juu, kijana wa miaka 13 hadi 17, barua kutoka kwako kwenda kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya. Tutaupitia kwa mgonjwa mmoja, binti wa miaka 14 wa kidato cha pili, ili uone kila unachokipima kinavyogeuka sentensi ndani ya barua. Wengi wetu barua hizi tunaziandika kwa Kiingereza. Andika kwa lugha unayoizoea wewe na bingwa wako, mpangilio haubadiliki.

## Viwe mezani kabla hujashika kalamu

- Kioo cha mdomoni, taa nzuri na rula ndogo ya milimita, au kalipa kama unayo
- Kipande kidogo cha barafu na pamba, kwa kupima uhai wa jino
- Mashine ya eksirei ya meno na filamu mbili (au sensa)
- Mizani ya uzito
- Kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa, na majibu ya vipimo vya damu vya zamani kama yapo
- Mzazi au mlezi mwenyewe, na namba mbili za simu

Hilo la mzazi nalisisitiza. Kijana akiletwa na kaka yake au na jirani, fanya uchunguzi, lakini barua iache mpaka mzazi afike. Historia ya ugonjwa, uwezo wa kusafiri na ridhaa vyote viko kwake, na bila hivyo nusu ya barua itakuwa ya kubahatisha. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto.

## Hatua ya 1: Hakikisha jino limekwama, na usiguse lile la utoto

Chonge za juu kwa kawaida hutoka mtoto akiwa na miaka 11 au 12. Kabla ya hapo, kuanzia miaka 9 au 10, uvimbe wake huhisika kwa kidole kwenye fizi ya upande wa shavu, juu ya chonge ya utoto. Kwa hiyo kijana wa miaka 14 ambaye chonge ya upande mmoja imeshatoka yote na ya upande wa pili haionekani wala haihisiki, huyo si wa kuambiwa asubiri.

Thibitisha umri kwa karatasi. Mara kadhaa nimeambiwa mtoto ana miaka 14, cheti kikaonyesha 12, na miaka hiyo miwili inabadilisha matibabu yote.

Binti wetu alikuwa na chonge ya kulia, namba 13, imetoka na imekaa vizuri. Kushoto bado alikuwa na chonge ya utoto, namba 63, ngumu kabisa, haitikisiki. Mama yake aliniuliza: "Daktari, kwani hilo la utoto ukiling'oa si kubwa litashuka lenyewe?"

Ni swali zuri, na kwa mtoto mdogo zaidi jibu linaweza kuwa ndiyo. Ericson na Kurol wa Sweden, katika utafiti wao wa mwaka 1988, waling'oa chonge za utoto kwa watoto wa miaka 10 hadi 13 ambao chonge zao za ukubwani zilikuwa zimeelekea kwenye kaakaa. Karibu 8 kati ya 10 zilirudi kwenye njia. Zile ambazo ncha yake ilikuwa haijapita katikati ya mzizi wa jino la pili zilifanya vizuri zaidi kuliko zilizokwishapita.

Binti wa miaka 14, ambaye mzizi wa chonge yake unakaribia kukomaa, yuko nje ya kundi hilo. Nilishawahi kumng'olea kijana wa umri huo chonge ya utoto kwa matumaini tu, kabla ya kumwandikia barua. Chonge kubwa haikusogea. Pengo likabaki, meno ya jirani yakaanza kuliegemea, na yule kijana akawa anaziba mdomo kwa mkono kila akicheka. Tangu siku hiyo la utoto naliacha. Linashika nafasi, na bingwa ndiye atakayeamua liondoke lini.

Umefaulu hatua hii ukiwa na: umri uliothibitishwa, namba ya jino (13 ni kulia kwa mgonjwa, 23 ni kushoto kwake), na hali ya chonge ya utoto.

## Hatua ya 2: Kidole kabla ya eksirei

Mlaze mgonjwa, pitisha kidole cha shahada taratibu kwenye fizi upande wa shavu, kisha kwenye kaakaa nyuma ya meno ya mbele. Fanya pande zote mbili na ulinganishe. Uvimbe wa jino ni mgumu kama mfupa na hauumi. Ukibonyea, au ukimuuma, andika hivyo hivyo, maana huenda ni kifuko cha maji au usaha.

Binti hakuwa na uvimbe upande wa shavu. Kwenye kaakaa, nyuma ya jino la pili la kushoto (namba 22), palikuwa na kidundu kigumu cha ukubwa wa punje ya hindi.

Sasa liangalie hilo jino la 22 kwa makini kuliko yote. Ndilo liko hatarini, kwa sababu chonge inayosukuma inaweza kuula mzizi wake kimyakimya bila maumivu yoyote. Shika jino kati ya mipini ya vifaa viwili ulitikise: linacheza kuliko mwenzake wa kulia? Gusisha barafu iliyofungwa kwenye pamba: anahisi baridi? Limejipinda? Ni dogo kuliko kawaida au limechongoka kama kigingi? Meno ya pili madogo na chonge zilizokwama kwenye kaakaa mara nyingi huonekana kwa mtu mmoja, na bingwa atataka kulijua hilo.

Mwisho pima nafasi. Upana wa chonge iliyotoka kulia ulikuwa milimita 8. Nafasi ya kushoto, kutoka jino la 22 hadi la 24, ilikuwa milimita 6 na nusu. Kwa hiyo hata jino likifunuliwa, linapungukiwa na milimita 1 na nusu za kupita, na nafasi hiyo lazima itengenezwe kwa waya. Mstari huo mmoja unamsaidia bingwa kuliko maneno "meno yamebanana".

## Hatua ya 3: Picha mbili zinazosema jino liko mbele au nyuma

Hapa ndipo barua nyingi hufia. Picha moja ya eksirei inaonyesha kwamba chonge na mzizi wa jino la 22 vimepishana, lakini haisemi kipi kiko mbele ya kipi. Bingwa asipojua, hajui apasue upande wa shavu au upande wa kaakaa.

Dawa yake ni picha mbili za jino hilo hilo, bomba la mashine likiwa limesogezwa kati ya moja na nyingine.

Kama umesahau kanuni yake, simamisha vidole viwili mbele ya pua, kimoja karibu na kingine mbali. Funga jicho moja, kisha sogeza kichwa kulia. Kidole cha mbali kitaonekana kama kinakufuata kulia, cha karibu kitakuwa kinakwenda kushoto. Bomba la mashine ndilo jicho lako, na liko nje, upande wa midomo na shavu. Kilicho mbali nalo, yaani kilicho upande wa kaakaa, hulifuata bomba. Kilicho upande wa shavu huenda kinyume nalo.

Kwa vitendo:

1. Picha ya kwanza, elekeza bomba katikati ya meno ya 21 na 22.
2. Picha ya pili, sogeza bomba kuelekea nyuma kwa karibu digrii 20, likiangalia nafasi ya chonge. Usibadilishe kimo cha bomba wala mwinamo wake wa juu na chini. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua jino limesogea kwa sababu gani.
3. Ziweke picha sambamba, angalia ncha ya chonge ukilinganisha na mzizi wa jino la 22, si na ukingo wa filamu. Ukingo wa filamu unadanganya, maana filamu nayo imehama.

Kwa binti huyu, picha ya kwanza ilionyesha ncha ya chonge imefunika mzizi wa 22 mpaka katikati. Kwenye picha ya pili ncha ilikuwa imesogea nyuma, ikabaki kugusa ukingo wa mzizi tu. Bomba lilikwenda nyuma na ncha ikalifuata: chonge iko upande wa kaakaa. Kidole kilishasema hivyo, na sasa mashahidi ni wawili.

Kidole na picha vikipingana, rudia kuangalia alama za kulia na kushoto kwenye filamu kabla hujarudia kupiga. Mara nyingi filamu imegeuzwa tu.

### Sentensi ya kuandika kwa uangalifu

Usiandike "mzizi wa 22 ni mzima". Picha hizi bapa haziwezi kuonyesha mzizi ulioliwa kwa nyuma, upande ule ule ambako chonge imeegemea. Andika "kwenye picha hizi sioni dalili ya mzizi wa 22 kuliwa". Bingwa ataelewa mipaka ya ulichokiona, na akihitaji picha ya pande tatu ataiagiza mwenyewe. Usimtume mgonjwa kupiga picha hiyo kwa hiari yako. Ina mionzi zaidi, ina gharama, na huenda isihitajike.

Kama kuna mahali karibu panapopigwa picha ya panorama ya taya zima, ni nyongeza nzuri, kwa sababu inaonyesha urefu wa jino kutoka kwenye fizi, mlalo wake, na meno mengine yaliyofichika. Lakini usimzuie mgonjwa miezi kwa kuisubiri. Picha mbili ndogo zilizopigwa vizuri zinatosha kuanzia.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuandika kwa sentensi moja: jino lipi, upande gani, ncha imefika wapi, na umejuaje.

## Hatua ya 4: Afya yake, kwa maswali ya moja kwa moja

"Ana tatizo lolote la kiafya?" hujibiwa "hapana" karibu kila mara. Uliza kimoja kimoja.

Anza na seli mundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu, na kazi hii kwa kijana wakati mwingine hufanywa kwa nusukaputi. Mwenye seli mundu akipungukiwa oksijeni, akipoa au akikaukiwa maji wakati wa usingizi huo, anaweza kupata madhara makubwa. Muulize mzazi: amewahi kulazwa kwa maumivu ya mifupa? Amewahi kuongezewa damu? Kuna ndugu mwenye seli mundu? Jibu likiwa ndiyo popote, pima hapa hapa kabla hajasafiri. Mama wa binti wetu alisema kaka mdogo wa binti "huumwa miguu baridi ikija". Tukampima binti, hakuwa na seli mundu. Jibu hilo limo ndani ya barua pamoja na tarehe yake. Yule kaka naye tulimwelekeza akapimwe.

Kisha pumu, moyo (hasa kama aliwahi kuambiwa ana homa ya baridi yabisi), kutokwa na damu kusikokoma alipong'olewa jino au kutahiriwa, mzio wa penisilini au ganzi, na dawa anazotumia sasa, pamoja na za mitishamba. Mpime uzito siku hiyo hiyo, maana dozi za kijana zinafuata kilo zake.

Ukiuliza na jibu likawa hapana, andika "hana". Bingwa akikuta pameachwa wazi, atadhani hukuuliza.

## Hatua ya 5: Amua unaomba nini

Wengi tunamaliza barua kwa "tafadhali msaidie". Bingwa anaweza kufanya mambo matatu makubwa, na yanaachana sana.

La kwanza ni kulifunua jino, kulibandika kishikizo chenye kijinyororo, kisha daktari bingwa wa kupanga meno alivute taratibu kwa waya mpaka mahali pake. La pili ni kuling'oa jino lililokwama, na mgonjwa akabaki na la utoto mpaka litakapochoka. La tatu ni kuliacha na kulifuatilia kwa picha.

La kwanza ndilo huleta chonge halisi mahali pake. Lakini upasuaji wenyewe ni wa siku moja, na kulivuta jino mara nyingi hufika miaka miwili, mgonjwa akikazwa waya kila wiki 4 hadi 6. Jino likifunuliwa pasipo mtu wa kulivuta, fizi inaweza kulifunika tena na mtoto amepasuliwa bure. Kwa hiyo swali la waya lazima liulizwe hapa kwetu kabla ya basi, na jibu la familia liandikwe kama lilivyo.

Mkalishe mzazi, mweleze muda na idadi ya safari. Kutoka Mtwara mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na barabara yetu tunaijua. Mwezi Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata pale Somanga, na magari yakakwama. Familia nyingi za huku hupata fedha wakati wa korosho, kuanzia Oktoba hivi, na kidato cha pili wana mtihani wa taifa mwishoni mwa mwaka. Haya yote yanaingia kwenye barua, kwa kifupi.

Mama wa binti wetu alifikiri, akasema: "Dada yangu yuko Mbagala. Likizo anaweza kukaa huko. Kila mwezi, daktari, nisikudanganye, sitaweza mpaka korosho ziuzwe." Ningeandika "mzazi amekubali matibabu", ningekuwa nimemficha bingwa jambo muhimu kuliko yote.

### Haraka au ya kawaida?

Chonge iliyokwama peke yake si dharura. Igeuze kuwa ya haraka, uandike neno HARAKA juu ya barua na upige simu siku hiyo, kama jino la 22 linacheza au halihisi baridi, picha inaonyesha mzizi umeliwa, kifuko kinachozunguka taji la chonge kimetanuka sana, au kuna uvimbe au usaha. Usilitumie neno hilo ili mgonjwa wako aonwe mapema tu. Ukilizoesha, siku ya kweli halitasomwa.

## Hatua ya 6: Iandike barua, ukurasa mmoja

Ombi linakuja juu. Bingwa mwenye foleni ndefu husoma mistari minne ya kwanza, kisha anatafuta picha. Hii ndiyo barua ya binti wetu, nimeondoa tu yanayomtambulisha:

> Kwa: Daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya
> Kutoka: Kliniki ya meno, Mtwara (simu ya daktari)
> Tarehe: 6 Juni
> Mgonjwa: Jina kamili kama la cheti, msichana, amezaliwa (tarehe), miaka 14, namba ya faili
> Mzazi: Mama, namba mbili za simu
>
> Yahusu: Chonge ya juu kushoto (23) iliyokwama upande wa kaakaa. Rufaa ya kawaida.
>
> Naomba umwone binti huyu kwa maoni kuhusu kufunua jino la 23 na kulivuta kwa waya kwa kushirikiana na daktari bingwa wa kupanga meno. Kama hilo halifai, naomba ushauri wa kuling'oa au kulifuatilia.
>
> Historia. Analalamika jino la utoto halijang'oka na anaona aibu akicheka. Hana maumivu, hajawahi kuumia meno wala taya.
>
> Uchunguzi. Jino la 13 limetoka, limekaa vizuri. La 63 lipo, halitikisiki, sijaling'oa. Hakuna uvimbe upande wa shavu. Kuna kidundu kigumu, kisichouma, kwenye kaakaa nyuma ya 22. Jino la 22 limejizungusha kidogo, ukubwa wa kawaida, halichezi, linahisi baridi sawa na la 12. Upana wa 13 ni mm 8, nafasi kati ya 22 na 24 ni mm 6.5. Fizi safi, hakuna meno yaliyooza.
>
> Picha. Mbili za eksirei, 6 Juni. Bomba liliposogezwa nyuma, ncha ya 23 ilisogea nyuma pia ikilinganishwa na mzizi wa 22, hivyo iko upande wa kaakaa. Kwenye picha ya kwanza ncha imefika katikati ya mzizi wa 22. Kwenye picha hizi sioni dalili ya mzizi wa 22 kuliwa. Picha ya panorama haijapigwa.
>
> Afya. Kilo 43. Hana pumu, ugonjwa wa moyo, tatizo la kutokwa damu wala mzio anaoujua. Hatumii dawa. Amepimwa seli mundu 5 Juni: hana. Hajawahi kupewa nusukaputi.
>
> Familia. Mama ameelezwa njia zote tatu, muda na safari. Anapendelea jino livutwe. Binti anaweza kukaa Dar es Salaam wakati wa likizo. Kufika kila mwezi hawezi kuahidi kabla ya msimu wa korosho. Naweza kuondoa nyuzi, kuangalia kidonda na usafi wa kinywa hapa Mtwara kati ya ziara.
>
> Maswali yangu. 1. Upasuaji usubiri mpaka waya uwepo na nafasi ifunguliwe? 2. Je, 63 liondolewe, na lini? 3. Je, unahitaji picha nyingine, ambayo ningeweza kuipiga kabla hajasafiri?
>
> Viambatanisho: picha 2 za eksirei, nakala ya majibu ya damu.
>
> Jina, sahihi, namba ya usajili, muhuri

Ona maneno "sijaling'oa", "haijapigwa", "hawezi kuahidi". Yanamwambia bingwa yasiyokuwepo, asipoteze muda kuyatafuta. Ona pia swali la tatu: likijibiwa kwa simu, limeokoa safari nzima.

Namba za meno ziandike pamoja na maneno, angalau mara moja kwenye kichwa cha habari. "23" peke yake ikisomwa na mtu aliyezoea mfumo mwingine wa namba inaweza kumpeleka kwenye jino jingine kabisa.

Ukimaliza, msomee mama kwa Kiswahili chepesi kile ulichoandika kuhusu familia yake. Kwa binti huyu nilikuwa nimeandika kwamba baba ndiye atakayelipa. Mama akanirekebisha: ni mjomba, na namba ya mjomba ndiyo iliyostahili kuwa ya pili.

## Hatua ya 7: Tuma kabla ya mgonjwa

Filamu zikishakauka, zitie kwenye kibahasha kidogo chenye jina, tarehe na upande. Usizibane kwa pini kwenye barua, zinakwaruzika mahali pale pale panapohitajika.

Kisha tuma nakala kwa simu. Filamu ipige picha mbele ya dirisha lenye mwanga au kioo cheupe cha kompyuta, bila flashi. Kwenye WhatsApp bonyeza alama ya kuambatanisha na uchague `Document` badala ya kutuma kama picha ya kawaida, kwa sababu picha ya kawaida hubanwa na ukingo wa mzizi hupotea. Andika namba ya faili, usiandike jina, na tuma kwa bingwa au kliniki yake tu, mzazi akiwa ameridhia. Kundi la madaktari wenzako si mahali pake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa taarifa hizi za afya.

Subiri mambo mawili: tarehe ya kuonana, na jibu la kama picha zinatosha. Mgonjwa asipande basi kabla ya hapo. Kama ana bima, ulizia siku hiyo hiyo utaratibu wa rufaa wa bima yake, ili mama asigeuzwe mapokezi.

Baki na nakala ya kila kitu. Barua huloa, husahaulika kwa shangazi, bahasha hupotea stendi.

## Hatua ya 8: Jibu likirudi

Andika kwenye daftari lako la rufaa tarehe ya kumpigia mama, wiki mbili baada ya miadi. Asipopatikana, piga namba ya pili.

Kwa binti wetu jibu lilikuja kwa simu siku ya nne. Bingwa aliomba picha ya panorama, akasema waya utangulie miezi kadhaa kufungua zile milimita, na upasuaji uwekwe likizo ya Desemba. Chonge ya utoto ikae mpaka siku hiyo. Mama akaenda Dar es Salaam mara moja badala ya mara mbili, kwa daktari wa waya, akiwa na panorama mkononi.

Kazi iliyobaki kwangu ni hii: kila miezi mitatu binti anapokuja, natikisa jino la 22, naligusa kwa barafu, na naandika tarehe. Likianza kucheza kabla ya Desemba, nampigia bingwa siku hiyo hiyo.